Nimenyanyua laptopu, shingo imepoa, sasa mkono unakufa ganzi usiku. Nimekosea wapi?

BintiChumbageni · Jumanne, saa 3:12 usiku

Wanajamvi, habari za usiku. Swali langu refu kidogo, mnivumilie.

Kazi yangu ni kunukuu rekodi za mikutano na mahojiano. Nasikiliza huku naandika, nyumbani hapa Chumbageni, sebuleni kwa mama, kwenye meza ya mninga yenye droo. Kwa siku nakaa saa saba au nane, siku za haraka hata kumi. Shingo ilianza kuuma chini ya kisogo ikashuka mpaka bega la kulia, ikafika mahali nikiwa kwenye bajaji nikiitwa nyuma nageuka mwili mzima kama roboti. Nikaelezwa kwamba laptopu ikilala juu ya meza unaiinamia kutwa kama mtu anayechambua mchele, na dawa yake ni kuipandisha. Nikanunua stendi ya chuma ya kukunja, inapandisha sentimita 17. Kweli, baada ya wiki mbili shingo ikapungua zaidi ya nusu.

Balaa jipya ndiyo hili. Nikawa naandika kwa kibodi ya laptopu hiyohiyo kule juu, na mwezi haujaisha nikaanza kuamka saa nane usiku, kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vimekufa ganzi. Naukung'uta mkono mpaka damu irudi, nalala, naamka tena. Watu wakasema nunua kibodi na kipanya vya nje. Nimenunua, vyote vya waya, leo siku ya tisa. Ganzi imepungua kidogo tu, na sasa nimeongezewa maumivu juu ya mabega yote mawili. Halafu chini kidogo ya viganja nina mistari myekundu ya ukingo wa meza, jioni inaonekana kabisa.

Vifaa vyote vilivyosemwa ninavyo. Nimekosea wapi?

---

Sahare_Boi · saa 3:30 usiku

Dada tatizo ni stendi haina feni. Joto hili la Tanga laptopu haiwezi kupumua. Yangu ilikuwa inachemka mpaka inajizima, nikanunua ya feni mbili, imetulia kama maji ya mtungini. Tafuta ya feni.

---

BintiChumbageni · saa 3:34 usiku

Kaka ahsante, lakini haichemki laptopu. Nachemka mimi 😅

---

JembeLaTeknolojia · saa 4:05 usiku

Hapa jibu ni moja. Kaa wima, mgongo digrii 90, kiuno digrii 90, magoti digrii 90, viwiko digrii 90, na usitikisike hapo. Pili nunua pedi ya jeli, weka mbele ya kibodi, vifundo vya mikono vikae juu yake muda wote unaandika. Hiyo mistari ya meza itaisha. Tatu nyanyua miguu midogo ya nyuma ya kibodi ili uone herufi vizuri. Ukiwa na uwezo ongeza kiti cha ofisi chenye magurudumu, mchezo umekwisha.

---

FizioRaskazone · Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Jembe, la ukingo wa meza umeliona vizuri, na viwiko karibu na digrii 90 si vibaya. Hayo mengine nitayarudia.

Binti, mimi kazi yangu ni viungo vya watu, na watu wa laptopu wanakuja wengi. Hujakosea kununua. Laptopu ina kasoro ya kuzaliwa nayo, kioo na kibodi vimeshikana. Ukikiweka kioo usawa wa macho, mikono inapaa. Ukiiweka mikono mahali pake, shingo inainama. Stendi peke yake imehamisha mzigo kutoka shingoni kwenda mikononi, ndiyo maana ganzi ilianza mwezi huohuo. Kibodi ya nje inatenganisha hivyo viwili, lakini nayo inakaa juu ya meza, na meza yenyewe huenda ni ndefu kuliko wewe. Mabega yanayouma juu na mistari ya ukingo vinaniambia hivyo kabla sijaiona. Unaandika mabega yamepanda kuelekea masikioni bila kujua, ukichoka unavilaza vifundo kwenye ukingo.

Vidole ulivyovitaja, gumba, shahada na kati, vinahudumiwa na mshipa mmoja wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba katikati ya kifundo cha mkono. Kifundo kikikunjwa kwenda juu au kwenda chini, njia inabana. Ukikilalia kwenye ukingo mgumu inabana zaidi. Usiku tunalala tumekunja mikono, ndiyo maana ganzi inakuamsha wakati hata huandiki. Naomba unijibu moja: kidole kidogo kinakufa ganzi au hapana? Kikiwemo, hadithi ni nyingine, tutaangalia kiwiko.

Halafu azima futi ya fundi cherehani. Nataka urefu wa meza kutoka sakafuni, urefu wa kiti ukiwa umekikalia, kutoka kiti mpaka kiwiko ukiwa umelegeza mabega kabisa, kutoka kiti mpaka macho, na kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti ukiwa na kandambili zako. Akupimie mtu mwingine. Ukijipima mwenyewe unainama, namba zinadanganya.

---

MwalimuWaKale · saa 2:15 asubuhi

Salamu kwenu vijana. Nami nilishauriwa na mwanangu ninyanyue kompyuta, nikanyanyua kwa vitabu mpaka usawa wa macho kama mlivyosema. Shingo yangu ilikuwa nzima, sasa ndiyo inauma, tena kwa nyuma. Kwa hiyo ushauri huu si wa kila mtu, au ni uzee tu?

---

FizioRaskazone · saa 2:40 asubuhi

Shikamoo mwalimu. Samahani kwa swali, miwani yako ina sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea?

---

MwalimuWaKale · saa 2:52 asubuhi

Marahaba. Naam, ina mstari katikati.

---

FizioRaskazone · saa 3:10 asubuhi

Basi si uzee mwalimu, ni miwani. Kioo kikiwa usawa wa macho unalazimika kukisoma kwa sehemu ya chini ya lenzi, kwa hiyo unainua kidevu na kisogo kinarudi nyuma saa nzima. Toa vitabu kimoja kimoja mpaka uone unasoma huku kidevu kimetulia, hata kama kioo kitabaki chini kuliko tunavyowaambia wengine. Ukienda kwa mtu wa miwani, pima kabla kutoka jichoni mpaka kwenye kioo cha kompyuta, umpe hiyo namba. Anaweza kukutengenezea miwani ya umbali huo tu, ya kazi ya mezani. Ya kusomea gazeti ni ya karibu zaidi, itakuvuta uinamie mbele.

---

BintiChumbageni · saa 7:20 mchana

Nimerudi na namba, mdogo wangu ndiye amepima. Meza 77. Kiti ni cha mbao cha mezani, 45. Kiti mpaka kiwiko 22. Kiti mpaka macho 70. Nyuma ya goti 40. Kidole kidogo hakifi ganzi, kipo salama kabisa.

---

FizioRaskazone · saa 8:05 mchana

Angalia hesabu yako. Kiti 45, jumlisha 22, kiwiko chako kiko sentimita 67 kutoka sakafuni. Meza 77, na kibodi ina unene wa kama 2, kwa hiyo vidole vyako vinafanya kazi kwenye 79. Mikono iko sentimita 12 juu ya viwiko. Hapo pedi ya jeli haiwezi kusaidia kitu. Meza nyingi za chakula zinakwenda hapo kwenye 75 au 77, na kwa kula hakuna shida, maana kula ni dakika ishirini.

Meza kama ni ya mama huwezi kuikata, basi panda wewe. Weka mto wa godoro gumu juu ya kiti mpaka ukikalia usome 55. Kumbuka kupima ukiwa umekaa, sponji ya 13 inaweza kushuka mpaka 10. Kiwiko kitafika 77, vitufe 79, tofauti ya sentimita 2 mwili unaimeza. Miguu itaning'inia kwa sababu goti lako ni 40, kwa hiyo tafuta kitu cha kukanyagia cha kimo cha 15, kipana vya kutosha miguu yote miwili na isogee. Usiiache ining'inie, ukingo wa kiti utakata damu chini ya mapaja na utaishia kusogea mbele mpaka mgongo uache kuegemea.

Miguu ya nyuma ya kibodi ikunje. Jembe alisema inyanyuliwe, lakini ikinyanyuka kibodi inainuka nyuma na viganja vinakunjika kuelekea juu, ndiko tunakokukimbia. Ukitaka kuhakiki, mdogo wako aweke rula juu ya mkono wako ukiwa unaandika, kuanzia karibu na kiwiko mpaka vifundo vya vidole. Ikilala bila kuacha uwazi mkubwa, uko sawa. Pedi si haramu, ila ni ya kupumzisha viganja wakati hubonyezi vitufe, na inakaa chini ya nyama ya kiganja, siyo chini ya kifundo penyewe panapobanwa mshipa.

---

JembeLaTeknolojia · saa 8:31 mchana

Mkuu nakubali ya miguu ya kibodi. Ila ya digrii 90 sikubali kuachia. Ndivyo ilivyo kwenye michoro yote.

---

FizioRaskazone · saa 8:44 mchana

Mchoro hauchoki, mtu anachoka. Ukilala nyuma kidogo, kama digrii 100 au 110, kiti kinabeba sehemu ya uzito wa kiwiliwili chako. Tena usemavyo "usitikisike hapo" ndicho ninachokipinga zaidi. Msuli ukishika mkao mmoja saa tatu unauma hata mkao uwe mzuri namna gani. Binti rekodi yako ikiisha, simama hata nusu dakika, nenda dirishani, rudi. Usisubiri maumivu ndiyo yakwambie.

---

BintiChumbageni · Alhamisi, saa 4:18 asubuhi

Jamani imeshindikana. Mto nimepata kwa fundi wa masofa, nimekaa, nasoma 55 sawasawa. Cha kukanyagia nimeweka mbuzi ya kukunia nazi, meno yake nimeyafunga na kitambaa (msinicheke, kimo chake ni kilekile). Lakini mapaja hayaingii chini ya meza! Yanagonga droo. Ninakaa mbali, naandika nimenyoosha mikono kama nasukuma baiskeli barabara ya Raskazone.

---

FizioRaskazone · saa 5:02 asubuhi

Kosa langu, sikukuuliza unene wa paja wala kimo cha droo. Pima hivyo viwili.

---

BintiChumbageni · saa 5:10 asubuhi

Paja 14 kutoka kwenye kiti. Chini ya droo mpaka sakafuni 64 na nusu. Ubao wa juu una unene wa 2 na nusu, droo na fremu yake 10.

---

Seremala_Makorora · saa 6:35 mchana

Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu, leo mmenigusa.

Dada, hiyo meza hata ungeikata miguu isingekufaa. Chukua kiwiko chako 22 juu ya kiti. Ondoa 2 za kibodi, ubao wa juu unatakiwa uwe 20 juu ya kiti. Toa 2 na nusu za ubao na 10 za droo, inabaki 7 na nusu. Paja lako ni 14. Litapita wapi? Ukipandisha kiti au ukishusha meza, jibu ni hilohilo, kwa sababu kinachozuia kiko katikati ya mkono na paja. Wateja wananiletea meza za droo wanataka nizikate, nakataa mpaka wakae kwanza.

Dawa ni kutoa droo na ule ubao wa mbele unaoibeba. Utabaki na ubao wa juu peke yake, chini yake 74 na nusu. Wewe ukikaa 55 paja linafika 69, una sentimita tano na nusu za kupumua. Lakini usitoe tu ukaacha hivyo, ubao wa mbele ndio unaoshika miguu miwili isitawanyike. Fundi afunge ukanda wa chuma bapa mahali pake, chini ya ubao wa juu, kwa skrubu fupi zisizotoboa mpaka juu. Na fremu ya nyuma na za ubavuni zibaki. Kazi ya saa mbili hiyo, na siku mama akitaka droo yake inarudi.

Mninga usipigilie misumari tafadhali.

---

MhasibuPongwe · saa 7:15 mchana

Naomba nidandie uzi. Mimi shingo na vidole viko salama, kinachoniua ni bega la kulia kwa nje, na mkono wote unakuwa mzito jioni. Natumia Excel kutwa. Nina stendi, kibodi kubwa yenye namba pembeni, kipanya kizuri. Kiti na meza ofisini viko sawa na hizo hesabu zenu, nimepima. Ni nini?

---

FizioRaskazone · saa 7:40 mchana

Kaka, kaa uandike kidogo, halafu shika kipanya na utulie hapohapo. Kiwiko chako kiko ubavuni au kimeondoka kama bawa la kuku?

---

MhasibuPongwe · saa 7:46 mchana

Bawa. Tena kimenyooka mbele na nje.

---

FizioRaskazone · saa 8:20 mchana

Sehemu ya namba ina vitufe vinne kwa upana, karibu sentimita 8, na kabla yake kuna vitufe vya mishale. Ukiweka herufi `G` na `H` mbele ya kitovu kama inavyotakiwa, kipanya kinasukumwa huko mbali kulia, na bega linaushika mkono hewani kutwa. Binti na wewe uisome hii kama kibodi yako ni ya namna hiyo.

Asiyehitaji namba anunue kibodi fupi isiyo na sehemu hiyo. Wewe unazihitaji. Unaweza kununua kibodi fupi pamoja na kibao cha namba kinachojitegemea, ukakiweka kushoto. Au hamishia kipanya mkono wa kushoto, namba ukabaki nazo kulia. Wiki ya kwanza utajiona kama mtoto wa chekechea, baadaye mkono unazoea. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na `R`, andika hii, utapata pa kubadilisha vitufe vya kipanya na kasi ya mshale:

```
main.cpl
```

Kasi ipandishe kidogo, mkono usafiri kidogo. Ukipandisha sana utaanza kukaza vidole kulenga kitu kidogo, basi rudisha. Na kipanya kisiwe kile kidogo sana cha safari, hicho unakishika kwa ncha za vidole kama unabana ndimu.

---

JembeLaTeknolojia · saa 8:52 mchana

Kwa wote hawa mimi ningesema kipanya cha wima, kile unachoshika kama unampa mtu mkono. Nilinunua mwaka juzi, kifundo kilipona ndani ya mwezi.

---

MhasibuPongwe · saa 9:05 alasiri

Mimi nilikitumia miezi miwili nikampa shemeji. Nikibofya kinasogea, bega lilibaki vilevile.

---

FizioRaskazone · saa 9:30 alasiri

Wote mnasema kweli. Kinapunguza ule msokoto wa mkono wa chini kiganja kinapotazama meza, wapo wanaopata nafuu kubwa. Lakini bega la mhasibu lilikuwa linauma kwa umbali, na cha wima kikiwekwa mahali palepale umbali ni uleule. Kwa ganzi ya Binti sithubutu kumwambia kitamponya. Tunaofanya kazi hii wenyewe tunabishana mpaka leo kama kuandika kwenye kompyuta kunaleta ganzi ya namna hiyo au kunaamsha tu iliyokuwa inakuja. Sukari, matatizo ya tezi ya shingo na ujauzito navyo vinaileta, bila kompyuta yoyote.

---

BintiChumbageni · Jumapili, saa 2:05 usiku

Mrejesho wa kwanza. Mama alikubali droo itoke baada ya kuahidiwa kwamba inarudi (vitambaa vyake vya meza vimehamia kabatini, naambiwa kila siku). Fundi amefunga chuma kama alivyoelekeza Seremala. Mapaja yanapita. Mabega yameshuka, mpaka mdogo wangu kanambia nimekuwa na shingo ndefu.

Lakini shingo imeanza tena kidogo! Ile iliyokuwa imepona.

---

FizioRaskazone · saa 2:30 usiku

Stendi umeibadilisha baada ya kupandisha kiti?

---

BintiChumbageni · saa 2:33 usiku

Sijaigusa.

---

FizioRaskazone · saa 2:58 usiku

Hapo. Ulipokaa kwenye 45, macho yalikuwa 115, yaani sentimita 38 juu ya meza. Sasa umekaa 55, macho 125, ni 48 juu ya meza. Umepanda sentimita 10 na kioo kimebaki chini, umerudi kuchambua mchele. Pima kioo chako kikiwa wazi, kutoka chini ya laptopu mpaka ukingo wa juu.

---

BintiChumbageni · saa 3:04 usiku

21.

---

FizioRaskazone · saa 3:15 usiku

Stendi 17 na kioo 21 ni 38, zamani ilikuwa sawasawa na macho yako. Usipandishe zote 10. Ukingo wa juu ukiwa chini kidogo ya macho ni bora kuliko ukiwa juu yake, kwani jicho lenyewe linapenda kutazama chini kidogo. Ongeza 5. Rimu moja ya karatasi za A4 ina karibu sentimita 5, ilaze chini ya stendi, ukingo utakuwa 43 juu ya meza, sentimita 5 chini ya macho. Hakikisha miguu yote ya stendi imekaa juu ya rimu, na isukume kidogo kuona kama inayumba.

Kingine, nyoosha mkono ukiwa umeegemea. Ncha za vidole zinagusa kioo?

---

BintiChumbageni · saa 3:21 usiku

Hazigusi, bado kama kiganja kizima. Kibodi imekaa mbele ndiyo imesukuma laptopu nyuma. Na ukweli maandishi nayaona madogo, nachungulia.

---

FizioRaskazone · saa 3:29 usiku

Basi unapeleka kichwa mbele kufuata herufi, na stendi haiwezi kukuzuia. Sogeza laptopu karibu mpaka ncha za vidole ziguse, kibodi iingie kidogo chini ya stendi kama nafasi inaruhusu. Halafu kuza maandishi. Kwenye kivinjari bonyeza `Ctrl` na `+`, kwenye Windows nenda `Settings`, `System`, `Display`, sehemu ya `Scale`, jaribu 125%. Ukiegemea na bado unasoma bila kuchungulia, umefika.

---

Sahare_Boi · saa 3:40 usiku

Kumbe mlikuwa mnazungumzia hivi. Mimi nafanyia kazi kitandani, laptopu juu ya mto, feni zinaunguruma. Hesabu yangu inaanzia wapi?

---

Seremala_Makorora · saa 3:44 usiku

Inaanzia kwangu, njoo nikutengenezee meza 😂

---

BintiChumbageni · Jumamosi iliyofuata, saa 4:10 asubuhi

Mrejesho wa pili, wiki moja na siku kadhaa tangu niulize. Shingo imetulia. Mabega sawa. Mistari ya meza haipo. Kipanya nimekihamishia kushoto kama mhasibu, bado nafungua mafaili nisiyoyataka. Ganzi ilikuwa kila usiku, wiki hii nimeamka mara mbili. Nilinunua ile bandeji ngumu ya kifundo, navaa nikilala tu, nimekinyoosha kile chuma chake maana kilikuja kimekunjwa kuelekea juu.

Ila jana nimeangusha kikombe cha chai. Sijui ni uzembe au ni mkono.

---

FizioRaskazone · saa 4:25 asubuhi

Chuma kukinyoosha umefanya vyema, wengi wanakivaa kilivyo.

Kikombe usikipuuze. Weka viganja vyako viwili pamoja vimetazama juu, linganisha ile nyama nene chini ya kidole gumba. Ya kulia imepungua, imekuwa bapa? Na ukibana karatasi kati ya gumba na kidole kidogo, mdogo wako akivuta, kulia inachomoka kirahisi kuliko kushoto?

---

BintiChumbageni · saa 4:41 asubuhi

Nyama naona sawa. Karatasi ya kulia inachomoka kirahisi kidogo. Au ni woga wangu.

---

FizioRaskazone · saa 4:50 asubuhi

Usiendelee kupima mezani. Jumatatu nenda hospitali ya Bombo, waambie vidole vitatu, usiku, na nguvu ya gumba. Waombe wakupime na sukari. Ganzi inayokuja na kuondoka tunaweza kuivizia kwa meza na kiti, nguvu ikianza kupungua mshipa unataka kuangaliwa na daktari mapema, maana nyama ya gumba ikishaisha hairudi kirahisi. Stendi, mto na kila kitu viache vilivyo.

---

MwalimuWaKale · saa 5:30 asubuhi

Mimi nimetoa vitabu vitatu, kimebaki kimoja. Shingo imeacha kulia. Kutoka jichoni mpaka kwenye kioo nimepata sentimita 58, nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Je, niende nayo hivyo, au nipime tena nikiwa nimeegemea?

---

FizioRaskazone · saa 5:36 asubuhi

Ukiwa umeegemea mwalimu, kama unavyokaa kila siku.

---

BintiChumbageni · saa 5:52 asubuhi

Jumatatu nakwenda, nitawaambia ulichosema. Seremala, nipigie bei ya kibao cha kukanyagia, kimo 15, upana miguu miwili. Mama ana wageni kesho, anapika wali wa nazi, na mbuzi yake iko chini ya meza yangu.